Nguo nyeusi imeng'aa au imeungua baada ya pasi: angalia kwanza ni nini kimetokea

Watu wengi wakiona suruali nyeusi imeng'aa pale pasi ilipopita wanakimbilia siki, wengine wanarudisha pasi palepale eti inyooshe vizuri, na hapo ndipo kitu ambacho kingetoka kinakuwa cha kudumu. Shida ni kwamba huo mng'ao una sababu kadhaa na kwa macho zinafanana kabisa, ila dawa ya moja inaharibu nyingine. Nyuzi zilizolala tu zinataka mvuke. Nyuzi zilizoyeyuka ukizipa joto tena unazidi kuzigandisha. Na kuna wakati nyuzi hazina tatizo lolote, ni stachi au mabaki ya sabuni yamepakwa juu na yamekauka.

Kwa nini nyeusi ndo zinateseka zaidi? Uso wa kitambaa una vinyweleo na vimikunjo vidogo vya uzi vinavyotawanya mwanga kila upande. Pasi ikivilaza, uso unakuwa bapa na mwanga unarudi wote upande mmoja, ndo huo mng'ao. Nguo nyeupe nayo inalala vilevile ila haionyeshi kwa sababu tayari inarudisha mwanga mwingi, nyeusi inameza karibu mwanga wote kwa hiyo hata kale kadogo kanakorudi unakaona toka mbali.

Na kwa nini poliesta ndo inang'aa zaidi? Kwa sababu ni plastiki, ndo ukweli wenyewe. Ikifika kama digrii 70 au 80 za selsiasi uzi unaanza kulegea ndani na kukubali umbo lolote unaloukandamizia, na inayeyuka kabisa kwenye 250 hadi 260 hivi, chini kidogo ya hapo inaanza kunata. Sasa angalia zile nukta kwenye pasi: nukta moja ni kama digrii 110, nukta mbili 150, nukta tatu 200. Poliesta nyingi zinataka nukta mbili au chini yake, akriliki na nailoni nukta moja. Maana yake hata kwenye joto sahihi kabisa poliesta iko laini chini ya pasi, kwa hiyo ukikandamiza inalala, huhitaji kuiunguza ndo ing'ae. Watu wanalaumu joto tu wanasahau uzito wa mkono.

Kupima kabla ya kutibu

Chukua tochi ya simu, zima taa au sogea penye giza kidogo, mulika nguo kwa ubavu, tochi iwe karibu imelala juu ya kitambaa. Angalia umbo la mng'ao. Kama unafuata mstari wa mshono, mfuko au pindo, hiyo ni presha, kitambaa kimebanwa kati ya pasi na unene uliopo chini. Kama una ncha na kingo kali zinazofanana na pasi, hilo ni joto, pasi ilikaa hapo. Kama uko makalioni, kwenye viwiko, au mapajani pale unapokalia na kuegemea, na hauna umbo lolote la kueleweka, basi hiyo ni kuchakaa kwa kusuguana, pasi labda imeongezea tu.

Halafu tumia ukucha. Kwaruza taratibu kukatiza nyuzi, anza sehemu nzima uingie kwenye sehemu inayong'aa. Kwenye nyuzi zilizolala bado utasikia vile vituta vidogo vya ufumaji chini ya ukucha, na ukikunja kitambaa kinakunjika kama kawaida. Kwenye nyuzi zilizoyeyuka ukucha unateleza ghafla, pamekuwa pagumu, na ukipakunja panagoma au panaacha mstari mweupe. Hiki kipimo ndo muhimu kuliko vyote, mengine yote yanafuata hapa.

Cha mwisho, tambara jeupe lenye unyevu, sugua juu ya doa mara chache. Likitoka na kitu cheupe cheupe au kahawia, kuna mabaki juu ya kitambaa na unaanza na kufua, sio mvuke. Usihukumu nguo ikiwa mbichi lakini, kitambaa cheusi kikilowa mng'ao wote unajificha na watu wanafurahi mapema, subiri kikauke kabisa.

Inang'aa ila ukucha bado unasikia nyuzi

Hapa una bahati. Kazi ni kuzipa nyuzi unyevu na joto bila uzito, halafu kuzinyanyua zikiwa bado laini.

Anza na siki nyeupe ya kawaida, kijiko kimoja kwa vijiko vitatu vya maji. Jaribu kwanza kwenye pindo la ndani, paka, bonyeza na tambara jeupe, uone kama rangi inatoka. Kama haitoki, futa sehemu inayong'aa kwa tambara lililolowa huo mchanganyiko halafu kamuliwa vizuri. Watu wanaipa siki sifa nyingi mno, mimi naona kazi yake kubwa ni kutoa mabaki ya sabuni na stachi yanayogandisha vinyweleo, kunyanyua nyuzi kwenyewe kunafanywa na mvuke na brashi. Ndo maana anayepaka siki tu akaanika anakuja kulalamika haifanyi kazi.

Tandika taulo nene mezani, weka nguo juu yake, upande wa nje ukiangalia juu. Taulo ni la lazima, ukiweka kwenye meza ngumu unatibu juu huku chini unabana upya. Funika sehemu yenye shida kwa kitambaa cha pamba cheupe kilicholowa na kukamuliwa mpaka hakidondoshi. Pasi iwe nukta mbili kama ni poliesta au mchanganyiko wake, iguse kile kitambaa kwa juu juu tu, uzito wote ubebe wewe mkononi, sekunde tatu hadi tano, nyanyua. Utaona moshi wa mvuke unapanda. Hapohapo ondoa kitambaa na upige brashi laini ya nguo au mswaki mpya laini kinyume na uelekeo vinyweleo vilipolala, mara chache, kwa mkono mwepesi. Ukichelewa sekunde nyingi uzi umeshapoa na umegandia umbo lilelile, kwa hiyo brashi iwe tayari mkononi kabla ya kushika pasi.

Kama una pasi ya mvuke yenye nguvu huhitaji kugusa kabisa, ishike sentimita mbili au tatu juu ya nguo, piga mvuke, brashi. Angalizo moja, pasi nyingi zikiwa kwenye nukta moja hazitoi mvuke, zinatema maji, na matone hayo yanaacha alama zake mwenyewe kwenye nguo nyeusi, kwa hiyo kwenye joto la chini tumia njia ya kitambaa kibichi. Ila akriliki mvuke wenyewe unailegeza na inavutika, hiyo usiibembeleze kwa mvuke mwingi wala usiivute ikiwa ya moto.

Acha ikauke na ipoe, kama dakika kumi, ndo uangalie kwa tochi tena. Ikipungua rudia. Ikiwa umeshafanya raundi mbili tatu na haisogei, acha, umefika mwisho wa kinachowezekana.

Matokeo yanategemea kitambaa. Sufu inarudi vizuri kuliko zote, uzi wake una mawimbi ya asili na unyevu unayaamsha. Mchanganyiko wa poliesta na viskosi, uzi unaotokana na mbao na unaofanana na pamba, ndo suruali nyingi za ofisini, na huo unarudi kwa sehemu kubwa kama haujarudiwarudiwa miaka na miaka. Poliesta tupu yenye uso laini kama satini au bitana haina hata vinyweleo vya kunyanyua, hiyo usitegemee makubwa.

Inang'aa mstari mstari juu ya mishono na mifuko

Hii ni ile ambayo ukiangalia suruali kwa nje unaona umbo la mfuko limejichora, au ule upana wa mshono wa ndani umetokea nje kama reli mbili. Kutibu ni vilevile kama juu, ila ukiacha ule unene palepale chini itajichora tena wakati unatibu. Geuza nguo ndani nje, kata vipande vya karatasi nene isiyo na maandishi, vipenyeze kati ya mkunjo wa mshono na kitambaa cha mbele, piga pasi kidogo kwa ndani ili mshono ulale. Halafu geuza, weka mvuke na brashi upande wa nje. Kwenye mfuko penyeza karatasi au kitambaa chembamba ndani yake ili kingo zisikandamize. Karatasi ya gazeti usitumie, wino unahama.

Pamekuwa pagumu, ukucha unateleza

Hapa nyuzi zimeshikana. Hakuna siki, hakuna barafu, hakuna dawa ya meno itakayozitenganisha, maana sio doa, ni umbo la plastiki limebadilika. Ukiona mtu anakwambia piga tena pasi na karatasi juu ya hiyo sehemu, usimsikilize, unaongeza eneo.

Unachoweza ni kupunguza kuonekana. Kwenye kitambaa kinene, kama gabadini, unaweza kuchukua msasa laini sana, namba 600 kwenda juu, ukasugua kwa mguso wa kidole kimoja uelekeo mmoja ili kuvunja ule uso wa kioo. Mng'ao unafubaa. Ila unakula kitambaa, kwa hiyo misuguo michache halafu mulika uangalie, na kwenye kitambaa chembamba usijaribu kabisa kwa sababu kitatoboka tundu kabla mng'ao haujafubaa. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi cherehani: kuhamisha pindo, kuweka mfuko juu, kubadilisha kipande kizima kama kuna kitambaa cha kufanana. Kama alama iko karibu na pindo la chini, kufupisha suruali sentimita mbili kunaweza kumaliza kesi yote, watu hawaifikirii hiyo.

Kama pasi imenata kabisa, usiisukume mbele wala kuivuta kando, inyanyue moja kwa moja juu na uchomoe waya. Plastiki iliyobaki kwenye kitako cha pasi itoe ikiwa bado ina joto kidogo, kwa kuikwangua na mwiko wa mbao halafu kuisugulia kwenye kitambaa kinene cha pamba mpaka isiache kitu. Kisu na steli wuli hapana, mikwaruzo inakuja kukwaruza nguo nyingine.

Pamekuwa kahawia au manjano

Poliesta yenyewe kwenye joto la pasi haibadiliki kahawia, inalegea na kuyeyuka. Kwa hiyo ukiona ukahawia kwenye nguo yenye poliesta, shuku vitu viwili: mabaki ya stachi au ya dawa ya kulainishia nguo yameungua, au ule upande wa pamba au viskosi kwenye mchanganyiko ndo umebabuka. Mabaki yanatoka, loweka nusu saa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji, sugua kwa vidole, suuza. Ukiona yanapungua endelea hivyohivyo bila haraka.

Kama pamba ndo imebabuka, inategemea rangi. Nguo nyeupe au ya rangi nyepesi sana unaweza kugusisha haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa kipande cha pamba, dakika chache, suuza, rudia. Kwenye nguo nyeusi au ya bluu iliyokolea hiyo achana nayo, itakula rangi na utabaki na doa la chungwa badala ya kahawia, sasa hapo umefanya biashara gani. Bliichi ya klorini ndo kabisa usiilete kwenye nguo yenye sufu, nailoni au spandeksi, inaila nyuzi zenyewe. Na tafadhali, bliichi na siki visikutane hata kwenye beseni moja, vinatoa gesi ya klorini ambayo ni sumu kwenye mapafu.

Palipobabuka kweli ukipakwaruza kukatoka unga unga, nyuzi zimeshakufa na patachanika muda wowote.

Rangi imefifia au imegeuka, hapang'ai wala si pagumu

Usiguse kwanza. Rangi nyingine zinabadilika zikiwa za moto na kurudi zikipoa, kwa hiyo ning'iniza robo saa halafu uangalie. Kama haijarudi, geuza kile kitambaa ulichofunikia au kava ya meza ya pasi, ukikuta rangi ya nguo imehamia huko basi jibu unalo. Rangi zinazotumika kwenye poliesta zikipata joto kubwa, kuanzia kama digrii 180, zinaweza kutoka kwenye uzi kama mvuke na kwenda kukaa kwingine. Haziwezi kurudi kwa kufua, na rangi za kawaida za kupaka pamba hazishiki kwenye poliesta, inahitaji rangi yake maalumu na maji ya kukaribia kuchemka. Kwa eneo dogo kalamu ya rangi ya kitambaa inasaidia kuficha, jaribu kwanza ndani maana nyeusi ziko nyingi, kuna inayoelekea kijani na kuna inayoelekea zambarau, na juani zinaumbuana.

Suruali moja, shida nne

Jamaa mmoja alinipa suruali nyeusi, lebo ilisoma poliesta 65 viskosi 35, akasema "imeungua yote hii, niambie tu kama niitupe". Kwa tochi ikaonekana kuna vitu vinne tofauti. Reli mbili kwenye mishono ya pembeni, umbo la mifuko ya nyuma, mng'ao mpana makalioni, na paja la kulia alama yenye ncha, urefu kama wa kidole gumba.

Mishono na mifuko ukucha ulisikia nyuzi vizuri, nikapenyeza karatasi, mvuke, brashi, mishono ikapotea raundi ya kwanza, mifuko ikahitaji kurudiwa na bado ukiitafuta kwa tochi unaiona kwa mbali, ila kwa mwanga wa kawaida hapana. Makalioni nilimwambia mapema kwamba huko vinyweleo vimelika kwa kukaa, mvuke utapunguza kidogo tu, na ndivyo ilivyokuwa, imepungua kidogo na itarudi.

Ile ya paja ndo ilikuwa na somo. Kwa nje ilikuwa alama moja, ila ukucha ukiingia kutoka pembeni ulisikia nyuzi, ukafika katikati ukateleza. Maana yake pembeni palilala tu na katikati, pale ncha ya pasi ilipotulia, palishikana. Nikatibu ule mzunguko wa nje peke yake, katikati nikapafunika na kipande kidogo cha kitambaa kikavu kilichokunjwa mara kadhaa ili joto lisifike sana. Mzunguko ukarudi, katikati pakabaki kadoa kadogo kama ukucha wa kidole kidogo. Msasa misuguo michache, pakafubaa, suruali inavalika. Ningeipasi alama yote kwa pamoja, kile kipande cha katikati kingekua.

Nikamuuliza ulipigaje, akasema alikuwa anapiga mashati ya pamba, akamaliza, akashusha joto, akachukua suruali. Alishusha swichi lakini chuma chenyewe kilikuwa bado cha moto, kitako cha pasi kinachukua dakika kadhaa kupoa, kile kizito ndo zaidi, na kale kataa kadogo ka kwenye pasi hakakuambii hilo vizuri. Kwa hiyo mpangilio uwe kinyume: sinthetiki zote kwanza pasi ikiwa inapanda, pamba mwisho. Na nguo nyeusi piga ndani nje, ikibidi kupiga nje weka kitambaa juu, na badala ya kuburuza pasi iweke na kuinyanyua.

Kama unafuata hayo yote na bado kila nguo inang'aa, shuku pasi yenyewe. Iweke kwenye joto la chini kabisa, acha kataa kawake na kuzima mara mbili tatu, halafu iweke juu ya kipande cha pamba nyeupe sekunde kumi. Kikitoka na ukahawia, temostati, kile kidhibiti cha joto, imekufa na hizo nukta hazina maana tena, ipeleke kwa fundi wa umeme, au iache kwa ajili ya mashuka ya pamba mpaka itengenezwe.